Kutoka nyimbo za Veda hadi uwanja wa Kurukshetra: kuingia kwenye maandiko ya Kihindu

*"Mwalimu, shikamoo. Nilinunua Bhagavad Gita nikidhani ndiyo Biblia ya Wahindu. Jirani yangu, mama wa Kihindu, akanisahihisha kwamba hicho ni kipande tu cha kitabu kikubwa, na kwamba kitabu chenyewe si Veda. Sasa maandiko yao ni yapi, kipi kilitangulia, na mimi nisiyejua kitu nianzie wapi?"*

Marahaba. Mama huyo amekwambia kweli. Gita uliyonunua ina sura 18 na beti 700, na nyumbani kwake ni kitabu cha sita cha Mahabharata, utenzi mkubwa wa vita wenye vitabu 18. Veda ni kitu kingine, na zimeutangulia utenzi huo kwa karne nyingi.

Wahindu wenyewe wanayagawa maandiko yao kwa maneno mawili ya Kisanskriti, na ukiyashika hayo mawili hutapotea. La kwanza ni *shruti*, maana yake kilichosikiwa. Hizo ni Veda pamoja na Upanishadi. Wanaamini hakuna binadamu aliyezitunga. Wahenga wa kale walizisikia, wakazipokea kama zilivyo. La pili ni *smriti*, kilichokumbukwa. Humo mna tenzi mbili kuu, Mahabharata na Ramayana, mna Purana, mna na vitabu vya sheria na mwenendo. Hivi vina watungaji wanaotajwa kwa majina, na heshima yake kwa nadharia ni ya daraja la chini kidogo. Nasema kwa nadharia kwa sababu ukiingia nyumba ya Mhindu wa kawaida, hadithi utakazozikuta midomoni mwa watoto ni za smriti. Veda huzisikia kwa kuhani, siku ya arusi au ya msiba.

Tofauti ninayotaka uione zaidi ya zote ni hii: katika shruti kinacholindwa ni sauti, katika smriti kinacholindwa ni kisa. Sauti haibadilishwi hata kidogo. Kisa husimuliwa upya kila kizazi.

Tuanze na sauti. Veda ni nne, na kongwe kabisa ni Rigveda. Ina nyimbo 1,028, zimepangwa katika vitabu 10, na wataalamu wengi wanaweka utungaji wake kati ya mwaka 1500 na 1000 hivi kabla ya Kristo, kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi, kwa jamii za wafugaji waliohesabu utajiri wao kwa ng'ombe na farasi. Wimbo wa kwanza una beti tisa tu na unamsifu Agni, moto, kwa sababu moto ndio unaochukua sadaka ya watu na kuifikisha kwa miungu. Anayeimbiwa kuliko wote ni Indra, shujaa wa radi aliyemuua joka Vritra na kuyafungulia maji yaliyokuwa yamezuiwa. Zipo na nyimbo kwa alfajiri, kwa Varuna anayeona makosa ya watu, na kwa soma, kinywaji cha ibada ambacho kitabu kizima cha tisa kimetengewa.

Nyimbo hizi zilikaa kwa karne nyingi bila kuandikwa. Miongoni mwa nakala za Rigveda zinazohifadhiwa mjini Pune, India, ya zamani kabisa imeandikwa mwaka 1464 baada ya Kristo. Kati ya utunzi na karatasi hiyo pana zaidi ya miaka 2,000, na mzigo wote ulibebwa vichwani. Wewe unayeishi karibu na madrasa umewahi kuona kijana aliyehifadhi Kurani yote kwa moyo, kwa hiyo jambo lenyewe halitakushangaza. Namna walivyojilinda na makosa ndiyo inayofaa kutazamwa kwa makini.

Kisanskriti cha Veda kilikuwa na toni. Sauti hupanda na kushuka, na maana huenda nayo. Kiswahili kimebakiwa na kivuli cha jambo hilo: ukiweka mkazo pengine, barabara ya magari inageuka kuwa barabara ya "sawasawa". Makuhani wana kisa cha kuonya juu ya hili. Tvashtri, aliyekuwa na uhasama na Indra, alifanya ibada ya kumpata mwana atakayemuua Indra, akatamka *indra-shatru*. Ukipandisha sauti mwishoni, neno hilo maana yake ni muuaji wa Indra. Ukipandisha mwanzoni, maana yake ni yule ambaye muuaji wake ni Indra. Tvashtri alipandisha mwanzoni. Mwana aliyezaliwa ndiye Vritra, na Indra akamuua.

Watu wanaoamini kwamba toni moja inaweza kuua hawawezi kutegemea kukariri kwa kawaida. Wakabuni namna kadhaa za kuyapindua maneno. Chukua ubeti maarufu kuliko yote, Gayatri, ambao Wahindu wengi huusoma asubuhi kwa Savitri, mungu wa jua, wakimwomba aziamshe akili zao. Unaanza na maneno matatu: *tat savitur varenyam*. Mwanafunzi kwanza huyasoma yalivyo. Kisha huyasoma moja moja, kila neno limesimama peke yake, na hapo *savitur* linarudi kwenye umbo lake la asili, *savituh*, kwa kuwa herufi ya mwisho hubadilika kufuata jirani yake. Baada ya miaka anafika kwenye namna ngumu iitwayo *ghana*, ambapo maneno hayo matatu yanakuwa hivi:

*tat savitus savitus tat tat savitur varenyam varenyam savitus tat tat savitur varenyam*

Ukiyapa namba, ni 1-2, 2-1, 1-2-3, 3-2-1, 1-2-3. Halafu anasogea neno moja mbele na kuanza tena na la pili, la tatu na la nne. Hesabu kwa vidole utaona kwamba neno la katikati ya ubeti hutamkwa mara 13, mara likiwa mbele, mara nyuma, na kila jirani analikata kwa herufi tofauti. Aliyesahau neno hawezi kulificha, maana mbele linakwenda na nyuma halirudi. Aliyeingiza neno lake mwenyewe anakamatwa hapo hapo na wenziwe. Ndiyo sababu Rigveda inayosomwa na makuhani wa kusini mwa India na ile ya kaskazini hazipishani kwa maneno, ijapokuwa watu hao hawaelewani kwa lugha zao za nyumbani. UNESCO iliutangaza usomaji huu kuwa urithi wa binadamu mwaka 2003.

Veda tatu zilizobaki nitazipitia haraka, kwa sababu anayeanza hazihitaji sana. Samaveda karibu yote ni beti za Rigveda zilizotiwa mahadhi ya kuimbwa. Yajurveda ni maneno ya kuhani anayeshughulika kwa mikono wakati wa sadaka. Atharvaveda ina mengi ya nyumbani: maneno ya kutuliza homa, kukomesha kikohozi, kuvuta mapenzi. Kila Veda ilishonewa maelezo marefu ya nathari juu ya ibada, yaitwayo Brahmana, na haya nakushauri uyaache kwa sasa. Yaliandikiwa mafundi wa madhabahu.

Mwishoni mwa kila Veda kuna Upanishadi, na hapa simama. Zile kongwe, kama Chandogya, zilitungwa karne chache kabla ya Kristo, na ndani yake mtu anaacha kuuliza sadaka ifanywe vipi, anauliza nani hasa anayeitoa. Katika kitabu cha sita cha Chandogya kijana Shvetaketu anarudi kwao akiwa na miaka 24, amesoma Veda zote kwa miaka 12 na kichwa kimevimba kwa elimu. Baba yake, Uddalaka, anamwambia atie chumvi kwenye maji na arudi asubuhi. Asubuhi anamwambia, nipe ile chumvi. Haipo. Basi onja juu. Ina chumvi. Onja katikati. Ina chumvi. Onja chini. Ina chumvi. Baba anamweleza kwamba kile kilichomo katika kila kilichopo kiko hivyo hivyo, hakionekani na kimeenea kote, kisha anamwambia: *tat tvam asi*, hicho ndicho wewe. Sentensi hiyo anairudia mara tisa kwa mifano tofauti. Falsafa nyingi za Kihindu zilizofuata ni mabishano juu ya maneno hayo matatu.

Sasa nataka uvuke nami kutoka shruti kwenda smriti kwa kufuata kitu kimoja kidogo, dadu za kamari. Hii ndiyo njia ninayoitumia kwa wanaoanza, na sijaona nyingine inayoonyesha wazi zaidi jinsi wimbo unavyotofautiana na utenzi.

Rigveda, kitabu cha 10, wimbo wa 34, una beti 14 na haumsifu mungu yeyote. Anayesema ni mcheza kamari aliyeangamia. Dadu za wakati ule zilikuwa kokwa za mti uitwao vibhidaka, na yeye anakumbuka jinsi zinavyomlevya zikiviringika ubaoni. Mke wake alikuwa mwema, hakuwahi kumgombeza, naye akamfukuza kwa ajili ya dadu. Mama mkwe anamchukia. Wazazi na ndugu wanasema hatumjui, mfungeni mchukueni. Anaapa kwamba hatakwenda, akisikia mlio wa dadu anakimbilia huko. Anasema hazina mikono nazo zinamshinda mwenye mikono. Ni baridi, nazo zinauunguza moyo. Mwishoni Savitri, yule yule wa Gayatri, anamwambia aache dadu, alime shamba lake, atosheke na ng'ombe na mke alionao. Basi. Hatujui jina la mtu huyo, wala alipoteza nini, wala alirudi kwa mke wake au la. Ni sauti moja, imekaa vile vile kwa miaka 3,000.

Fungua sasa kitabu cha pili cha Mahabharata. Dadu ni zile zile, ila mchezaji amepata jina, ndugu, ufalme na baraza zima la mashahidi. Ni Yudhishtira, mkubwa wa ndugu watano waitwao Pandava. Binamu yake Duryodhana, mkubwa wa ndugu 100, ana wivu na ufalme wake, na mjomba Shakuni anamchezea. Yudhishtira anapoteza mali, anapoteza ufalme, anawaweka rehani wadogo zake mmoja baada ya mwingine, anajiweka mwenyewe, anashindwa. Halafu anamweka Draupadi, mke wa wote watano, naye anakwenda. Mfalme kipofu Dhritarashtra, baba wa Duryodhana, ameketi pale hawezi kuficha furaha, anauliza tena na tena: ameshinda? ameshinda?

Mjumbe anatumwa kumleta Draupadi, na Draupadi hasogei. Anamrudisha na swali: mume wangu alijipoteza yeye kwanza, au alinipoteza mimi kwanza? Maana aliyekwisha kuwa mtumwa hana mali, na asiye na mali anawezaje kuniweka mimi rehani? Anaburutwa kwa nywele hadi barazani na bado analiuliza. Bhishma, mzee anayeheshimiwa kuliko wote, anajibu kwamba dharma, yaani njia ya haki, ni nyembamba mno na yeye hawezi kulitatua. Vikarna, mdogo wa Duryodhana, anasimama kusema mama huyu hakushindwa kihalali, na anazimwa. Katika wimbo wa Rigveda mke ni ubeti mmoja wa majuto ya mume. Hapa mke ndiye anayeuliza swali la sheria ambalo baraza la wafalme linashindwa kulijibu. Kutokana na swali hilo lisilojibiwa inakuja miaka 13 ya uhamisho, kisha vita vya siku 18 katika uwanja wa Kurukshetra.

Hapo ndipo utaona pia kwamba kisa hakilindwi kama sauti. Watu wengi wakisimulia barazani pale husema Draupadi alimlilia Krishna, mungu aliyekuja duniani kama mtu, na Krishna akaifanya nguo yake isiishe kila ilipovutwa. Wataalamu wa taasisi ya Bhandarkar mjini Pune walikusanya nakala 1,259 za Mahabharata kutoka kila pembe ya India, wakazilinganisha mstari kwa mstari kuanzia mwaka 1919 hadi 1966. Walikuta kwamba sala ile kwa Krishna haimo katika nakala za kutosha, wakaishusha kwenye maelezo ya chini. Juu ikabaki kwamba nguo nyingine ilitokea kila moja ilipovuliwa. Utenzi unaojulikana kuwa na beti 100,000 wao waliufikisha kwenye 73,000 na kitu. Hakuna aliyesema uongo katika beti zilizotolewa. Waghani waliomsikia Draupadi akihuzunika walimpa Mungu wa kumlilia, kila jimbo kwa namna yake. Jambo hilo lingekuwa kosa kubwa katika Veda. Katika utenzi ndiyo kazi ya mghani.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati moja hapa ambayo wengine hawana. Beti nyingi za tenzi hizi ziko katika bahari iitwayo *shloka*: vipande vinne, kila kimoja mizani nane, jumla 32. Utenzi wetu nao una vipande vinne vya mizani nane. Hazina vina kama vyetu, zinapimwa pia kwa silabi ndefu na fupi, na bahari hizi mbili hazikuzaana, lakini sikio lililozoea tenzi litatambua mara moja kwa nini mtu aweza kughani usiku kucha bila kuchoka wala kuchosha.

Asili ya shloka yenyewe inasimuliwa mwanzoni mwa Ramayana, utenzi wa pili, wenye vitabu 7 na beti zipatazo 24,000. Valmiki, mtungaji wake, aliona ndege wawili wakipandana, mwindaji akampiga dume, jike likalia. Valmiki akamlaani mwindaji kwa uchungu, kisha akagundua kwamba laana ile ilitoka kinywani kwa vipimo. Huzuni ni *shoka*; ikawa *shloka*. Kwa bahari hiyo akatunga kisa cha Rama, mwana wa mfalme wa Ayodhya aliyefukuzwa miaka 14, mkewe Sita aliyetekwa na Ravana wa Lanka, na Hanuman aliyeruka bahari kumtafuta. Kisa hicho kilitungwa upya kwa Kitamili na Kamban, na kwa Kiawadhi na Tulsidas aliyeanza kazi mwaka 1574. Kaskazini mwa India hicho cha Tulsidas ndicho wanachokiimba. Taa unazoziona Mombasa, Unguja na Dar es Salaam wakati wa Diwali, wengi huziwasha kukumbuka Rama aliporudi nyumbani.

Purana ni baadaye zaidi: kuu ni 18 kwa hesabu ya mapokeo, nazo zinasimulia kuumbwa kwa dunia, nasaba za wafalme na habari za miungu. Ukitaka utoto wa Krishna, uko katika kitabu cha kumi cha Bhagavata Purana.

Katika usomaji wako, namba zitakusaidia kujua uko wapi. Ukikuta Rigveda 10.34.9, ni kitabu, wimbo, ubeti. Gita 2.47 ni sura na ubeti tu. Hapo Krishna anamwambia Arjuna, mmoja wa wale Pandava watano, kwamba haki yake ni kwenye tendo, si kwenye matunda yake. Mahabharata ina namba tatu, kitabu, sura na ubeti, na ukilinganisha matoleo mawili ukaona hazilingani, usidhani umekosea: moja huenda ni la Pune na jingine la mapokeo ya kawaida. Mtu akikuambia "Veda zinasema" bila namba, muulize ipi. Mara nyingi utakuta ni Gita, au Purana, au kitabu cha sheria.

Kuanza, soma wimbo wa kwanza wa Rigveda, kisha 10.34, kisha 10.129, beti saba zinazouliza dunia ilitoka wapi na kumaliza kwa kusema huenda hata aliye juu mbinguni hajui. Zote tatu zinasomeka kwa jioni moja. Fuata na Chandogya kitabu cha sita. Baada ya hapo tafuta Mahabharata iliyofupishwa, usome kisa cha dadu chote bila kuruka, na ndipo urudi kwenye Gita yako.

Utakapoifungua utakuta haianzi na Krishna wala Arjuna. Anayesema ubeti wa kwanza ni mfalme kipofu, anauliza wanawe na wana wa nduguye wamefanya nini huko Kurukshetra. Ni Dhritarashtra, yule yule aliyekuwa akiuliza barazani: ameshinda?